Anayefoka na anayeduwaa ni mtu mmoja: dirisha la ustahimilivu baada ya ajali ya baharini

*Mume wangu ni mvuvi hapa Sahare, Tanga. Miezi mitatu iliyopita chombo chao kilipinduka usiku, wakaelea mpaka alfajiri. Tangu hapo kikombe kikianguka tu anaruka na kuwafokea watoto. Siku nyingine anakaa barazani karibu saa nzima, namwita hasikii, mikono yake ya baridi. Mtu mmoja alimwambia afumbe macho na avute pumzi taratibu ili atulie, akazidi kupotea. Nimesikia habari ya "dirisha la uvumilivu". Ni kitu gani hicho, na mimi nifanye nini?*

Dada yangu, nianze na hilo la kufumba macho, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu. Ushauri ule ni mzuri, ila ulitolewa kwa hali ambayo si yake. Kuvuta pumzi taratibu ni njia ya kuushusha mwili uliopanda. Saa ile mwili wa mumeo ulikuwa umekwisha kushuka kupita kiasi, na aliyemwambia atulie alimwona ametulia nusu akataka kumkamilisha. Ukimya wa namna ile haukuwa utulivu, na ukishajua kuutofautisha utakuwa umejua jambo lenye manufaa zaidi katika somo hili zima.

Hilo dirisha ni mfano uliotolewa mwaka 1999 na Daniel Siegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Alitaka kueleza kwamba kila mtu ana kiwango fulani cha msisimko wa mwili ambacho, akiwa ndani yake, anaweza kuhisi hofu, hasira au huzuni na bado akafikiri, akasikia anachoambiwa, akakumbuka yuko wapi na akachagua la kufanya. Dirisha lina ukingo wa juu na ukingo wa chini. Msisimko ukivuka ukingo wa juu mwili unachachamaa na mtu hajitawali. Ukishuka chini ya ukingo wa pili mwili unazimika na mtu hapatikani. Kuwa ndani ya dirisha hakumaanishi kuwa na raha. Mtu anayelia msibani huku akijibu salamu na kukumbuka nani amekuja yumo ndani ya dirisha lake, japo moyo wake umevunjika.

Neno "uvumilivu" linanipa shida kidogo, na mimi hupendelea kusema "ustahimilivu". Kwetu uvumilivu ni sifa ya tabia. Mtu asiyekuwa nao hulaumiwa. Nimewasikia wake na wazazi wakisema "basi ajitahidi kuvumilia", kana kwamba dirisha ni subira ya moyo. Sivyo. Linalozungumziwa hapa ni kiasi ambacho neva zinaweza kubeba kabla ya kubadili mwendo, na mabadiliko hayo hutokea kwa kasi kuliko uamuzi wowote wa mtu.

Tuchukue kwanza kule juu, kwa kuwa ndiko kunakoonekana. Kikombe kinapoanguka, sehemu za ubongo zinazolinda uhai hupokea mshindo ule kabla mumeo hajajua kuwa ni kikombe. Neva za simpathetiki huamsha mwili, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi na ya kifuani, mboni za macho hupanuka, mmeng'enyo wa chakula hupungua na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kuzuia ulimi, hufanya kazi kwa udhaifu. Ndiyo maana akifoka kisha ukamwuliza palepale "kwa nini unamfokea mtoto?", hupati jibu la maana, kwa kuwa sehemu ya ubongo ya kujibu haifanyi kazi vizuri saa ile. Na hata baada ya kugundua kuwa ni kikombe, mwili haurudi mara moja. Homoni ya kortisoli hufikia kilele chake kiasi cha dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko, kwa hiyo nusu saa nzima mtu anaweza kuwa mwepesi wa kuwaka tena kwa jambo dogo zaidi.

Kule chini ndiko watu wengi hawakujui. Kupigana na kukimbia kukishindikana, mwili una njia ya mwisho, nayo ni kupunguza. Mumeo alielea saa nyingi gizani. Hapakuwa na wa kupigana naye, wala pa kukimbilia. Katika hali kama hiyo mwili unaweza kulegea, hisia zikafifia, maumivu na baridi visisikike sana, sauti zikawa kama zinatoka mbali, na muda ukapoteza urefu wake. Usiku ule huenda jambo hilo lilimsaidia kubaki hai. Taabu ni kwamba njia iliyowahi kutumika hufunguka tena kwa urahisi, na sasa inafunguka barazani kwake mchana, bila maji wala giza. Kwa nje unaona mtu ameduwaa, macho yanatazama pahali pamoja bila kuona, uso hauna habari, mikono ni baridi, sauti ikitoka ni ndogo na ya namna moja. Jirani husema amekuwa mvivu au amepandwa na jini. Naye mwenyewe akizinduka husema, "sikuwepo".

Kwa hiyo hali ni mbili, lakini chanzo ni kimoja, na dirisha la mumeo limekuwa jembamba kiasi kwamba anaweza kutoka kwa juu asubuhi na kwa chini jioni, au akapita zote mbili ndani ya dakika 10.

Kuna namna ya tatu inayowachanganya hata wataalamu, nayo ni kuganda. Mtu amenyamaza na hasogei, lakini misuli imekaza, taya zimebanwa, macho yamekodoka na moyo unakwenda mbio. Huyo yuko juu, si chini, ila breki na mafuta vimekanyagwa pamoja. Ukitaka kumtofautisha, usimtazame usoni peke yake. Shika mkono wake kwa upole, kama anaruhusu. Mkono wa aliyeganda una misuli iliyokaza, unapinga ukiuinua. Mkono wa aliyezimika ni mzito na unashuka ukiuachia. Unaweza pia kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30 kisha ukazidisha mara 2. Mtu mzima aliyekaa kitako huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Zaidi ya 100 huku amekaa tu huashiria kwamba ule ukimya una moto ndani. Lakini mapigo ya kawaida hayathibitishi kwamba yuko salama, kwa sababu si kila anayezimika moyo wake hupungua kasi. Yachukue kama dokezo moja kati ya mengine.

Sasa nikuonyeshe jinsi kumrudisha mtu kunavyokwenda. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyenusurika katika ajali ya gari. Alikuja na machungwa ya Muheza, akawa anamenya moja huku tunaongea habari za watoto. Nilipomwuliza bila kufikiri sana kama siku ile alikaa siti ya dirishani, kisu kilisimama. Ganda lilikuwa linaning'inia refu, halijakatika, na vidole vyake havikusogea tena. Alikuwa ananitazama lakini hanioni. Kosa lilikuwa langu, nilifika haraka mno kwenye tukio.

Sikumwambia atulie, wala sikumwuliza anawaza nini. Nilikitoa kisu taratibu mkononi mwake huku nikitaja ninachofanya, kisha nikaliita jina lake kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, nikamwambia: "Tuko chumbani kwangu, ni mchana, na mlango uko wazi nyuma yangu." Sekunde kadhaa bila jibu. Nikamwomba abonyeze ganda la chungwa kwa kidole gumba. Hakubonyeza. Nikalibonyeza mimi karibu na pua yake, ile harufu kali ya mafuta ikatoka, akapepesa macho. Kupepesa huko ndiko nilikokuwa nakusubiri. Hapo nikamwomba akanyage sakafu kwa nguvu, kisigino kimoja baada ya kingine, kisha asimame nami. Tukiwa tumesimama nikamwomba anitajie vitu vitatu vya rangi ya kijani anavyoviona. Alitaja pazia na majani ya nje, cha tatu hakukipata, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Machozi yakafuata, kisha akasema kwa ukali, "Kwa nini umeniuliza?"

Ule ukali ulikuwa habari njema. Anayetoka chini kabisa mara nyingi hupitia juu kabla ya kutulia katikati, kwa hiyo kutetemeka, kulia, hata hasira baada ya ganzi ni dalili kwamba mwili unawaka tena. Familia nyingi huogopa hatua hiyo na kumrudisha mtu kitandani alale, wakidhani amezidiwa. Nilimwacha alie, nikamwomba radhi, na sasa, kwa kuwa alikuwa amepanda, ndipo pumzi ilipokuwa na kazi: kuvuta ndani kwa hesabu ya 4, kutoa nje kwa hesabu ya 6. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10, maana yake pumzi 6 kwa dakika. Inayotuliza moyo zaidi ni ile ya kutoka, kwa kuwa moyo hupunguza kasi kidogo kila tunapotoa pumzi, kupitia neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na moyo. Baada ya dakika tano hivi alilikata lile ganda mwenyewe.

Kwa mumeo mpango ni huohuo, na makosa ya kuepuka ni yaleyale. Akiwa amezimika, ongeza kidogokidogo: jina lake, mwanga, kitu chenye harufu anayoipenda kama limau au karafuu, kitu cha kushika chenye umbo na ukavu, kama kamba ya nyavu, ilimradi hakimkumbushi usiku ule. Macho yabaki wazi. Mnyanyue asimame akiweza, atembee mpaka mlangoni. Asishtuliwe. Mtu akimtikisa mabega kwa ghafula anaweza kurushwa kutoka chini mpaka juu kwa pigo moja, na mkono utakaokuja usoni kwa mtikisaji hautakuwa na nia mbaya. Akiwa amepanda, punguza: watoto watoke, redio izimwe, wewe usimame kando yake badala ya kumkabili, maneno yawe machache, na misuli iliyojiandaa kukimbia ipewe kazi, mathalani kusukuma ukuta kwa viganja viwili kwa nguvu zake zote huku akihesabu mpaka 10, kupumzika, kisha kurudia. Mazungumzo ya nani kakosea yasubiri nusu saa.

Naomba nikutahadharishe hasa juu ya maji. Desturi yetu ni kummwagia mtu maji usoni akionekana amepotelewa na fahamu, na wapo wanaofundisha kuosha uso kwa maji ya baridi kama njia ya kutuliza. Maji ya baridi usoni kwa kweli hupunguza mapigo ya moyo, ni mwitikio wa mwili ule unaoonekana kwa wapiga mbizi. Lakini mumeo hahitaji kupunguzwa mapigo akiwa chini, na isitoshe, maji puani na machoni ndiyo yaliyokuwa kifo usiku ule. Tafadhali waambie ndugu na majirani wasimmwagie.

Kama mmeita shehe kwa ajili ya kisomo, sioni ugomvi kati ya dua na haya ninayoyaeleza. Ninachoomba ni kwamba kisomo kiwe cha sauti ya wastani, mlango wazi, mafusho yasijaze chumba, na asishikwe kwa nguvu. Mwili uliowahi kukosa pumzi hautambui nia njema ndani ya moshi mzito.

Kuna mambo ya kila siku yanayobana dirisha, nami nitataja mawili tu kwa kuwa ndiyo ninayoyakuta mara kwa mara kwa wavuvi. Usingizi uliokatika hushusha ukingo wa juu, na mtu aliyezoea kuvua usiku anaweza kupitisha miezi bila kulala saa sita mfululizo. La pili ni kahawa. Vijiko vya sukari si hoja yangu. Hoja ni kwamba nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini kiasi cha saa tano baada ya kunywa, hivyo vikombe vinne vya kahawa chungu barazani baada ya Magharibi viko naye saa sita za usiku, anaposikia bati linagonga. Aendelee kwenda barazani, maana kukaa na wenzake kunamsaidia, ila ajaribu kuhamishia kahawa asubuhi kwa wiki mbili mkaone tofauti.

Kuhusu kurudi baharini, nakusihi msifanye mambo mawili: kumsukuma arudi kazini ili "aue hofu" kwa mara moja, au kumwepusha na bahari kabisa. Anaweza kuanza kwa kwenda ufukweni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na mwenzake anayemwamini, wakakaa mpaka moyo ulioruka uanze kushuka wenyewe, kisha warudi. Siku ile hatua imekwisha. Akiizoea, aende maji yakiwa yamejaa; baadaye aguse chombo kilichofungwa; baadaye apande kikiwa bado nangani. Kipimo cha kusonga mbele si kutokuwa na hofu. Kipimo ni kwamba hofu inapokuja anaweza kukuambia inafanana na nini, na bado anajua ni siku gani na yuko na nani. Akianza kuwa mbali na majibu yake yakakatika, hatua ilikuwa ndefu, irudishwe nyuma moja.

Hapa lazima nieleze mipaka ya huu mfano wenyewe, kwa sababu baadhi ya watu wanautumia vibaya. Dirisha halionekani kwenye kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Ni mchoro wa kusaidia kuelewana na mgonjwa. Maelezo yanayopenda kuambatanishwa nalo, yale ya mwanasaikolojia wa Marekani Stephen Porges ya mwaka 1995 kuhusu matawi mawili ya neva ya vagasi, yanapingwa na wanafiziolojia kadhaa, kwa hiyo mtu akikuambia kwamba "sayansi imethibitisha" kila ngazi ya kuzimika, msikilize kwa uangalifu. Na kuna tatizo la matibabu: wapo washauri wanaoogopa kumtoa mgonjwa nje ya dirisha hata kidogo, wanampumzisha mwaka mzima bila kugusa tukio. Tiba zenye ushahidi mzuri kwa kiwewe, zile ambazo mgonjwa husimulia au hukabili kumbukumbu kwa mpangilio na mtaalamu, humpandisha mtu hofu kweli wakati wa kikao, na hofu hiyo si madhara. Mimi hulitumia dirisha kujua mgonjwa yupo au hayupo nami. Silitumii kama kibali cha kukwepa.

Na kabla ya yote hayo, dada, mumeo apimwe mwili. Miezi mitatu imepita, na dalili za namna hii zikivuka mwezi mmoja hustahili uchunguzi kamili; lakini mimi nina wasiwasi mwingine pia. Chombo kikipinduka, mtu huweza kugongwa kichwa na mlingoti au ubavu wa chombo asikumbuke, na kifafa cha sehemu moja ya ubongo hufanana sana na kuduwaa. Mtazame vizuri tukio lijalo. Kifafa cha aina hii kwa kawaida huanza ghafula, hudumu dakika moja au mbili, mara nyingi mtu hutafuna au kulamba midomo bila chakula, vidole huchezea nguo, hazinduki kwa harufu wala jina, na baadaye huwa amechanganyikiwa. Kuzimika kwa kiwewe kwa kawaida huja baada ya kitu kilichomkumbusha, kunaweza kuendelea muda mrefu, na mtu hurejea polepole akipewa vitu vya kuona na kunusa. Ile karibu saa nzima uliyoitaja inaelekea zaidi upande wa pili, lakini si uamuzi wa kufanyika nyumbani.

Nenda naye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uombe aonwe na daktari na pia watu wa afya ya akili. Andika kwenye daftari matukio ya wiki mbili: saa ngapi, nini kilitangulia, alilegea au alikaza, mapigo yalikuwa mangapi kama uliweza kuhesabu, alirejea kwa kitu gani, na baada ya kurejea alikumbuka nini. Ukiweza, mrekodi kwa simu kwa sekunde 30, kisha umwombe ruhusa ya kumwonyesha daktari. Hata hivyo usisubiri wiki mbili endapo atapata degedege, maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au akisema haoni sababu ya kuishi. Hayo ni ya siku hiyohiyo, na hilo la mwisho mwulize wewe mwenyewe waziwazi, mkiwa wawili, saa ambayo macho yake yanakuona.